Fizikia ya Saa Kumi Alfajiri

Shikamoo Mwalimu. Nina umri wa miaka 20 na ninaishi Pasua, Moshi. Mwaka jana nilimaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCB, lakini sikupata alama nilizohitaji, kwa hiyo ninarudia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kila siku ninaamka saa kumi alfajiri kusoma Fizikia, maana tangu utotoni nimeambiwa kwamba huo ndio muda akili imetulia. Ninasoma hadi saa kumi na mbili, lakini nikirudi kukagua nilichofanya ninakuta makosa matupu. Asubuhi ninafua, ninachota maji, halafu ninanakili notsi hadi saa sita. Kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja jioni ninakaa dukani kwa mama, na hapo ninasinzia kaunta mpaka wateja wananigongea meza. Jioni ninakunywa kahawa ili nisome tena, na ninalala saa sita usiku. Je, niongeze saa za kusoma, au kichwa changu ni kizito tu?

Mtahiniwa, Moshi

JIBU

Marahaba, mwanangu. Usiongeze saa hata moja, na hilo neno la kichwa kizito liweke kando hadi tutakapolipima. Ninachokuomba ni kuiondoa Fizikia alfajiri na kuipeleka katikati ya asubuhi, takriban kati ya saa mbili na robo na saa tano na nusu, huku zile saa mbili za alfajiri ukizirudisha kwenye usingizi ulikozitoa. Kunakili notsi, ambako kwa sasa kumekalia saa zako nzuri kuliko zote, kutahamia dukani. Nitakueleza sababu, kisha nitakuonyesha namna ya kuhakikisha kwa daftari lako mwenyewe, kwa kuwa ratiba ya kwanza uliipanga kwa maneno ya watu na nisingependa uipange ya pili kwa maneno yangu peke yake.

Kuwa macho au kusinzia kwa binadamu kunaendeshwa na nguvu mbili zinazokwenda sambamba, na mtafiti Alexander Borbély wa Zurich ndiye aliyezieleza kwa pamoja mwaka 1982. Nguvu ya kwanza ni deni la usingizi: tangu unapofumbua macho linaanza kulimbikizana saa baada ya saa, na kitu pekee kinacholilipa ni kulala. Nguvu ya pili ni saa ya mwili, ambayo makao yake ni sehemu ndogo sana ya ubongo iliyo juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapokutana. Saa hiyo hupandisha na kushusha joto la mwili ndani ya mzunguko wa siku nzima, na pamoja na joto hilo hupanda na kushuka pia uwezo wa kutega akili kwenye jambo moja. Kwa watu wengi joto la mwili hufika chini kabisa kama saa mbili kabla ya muda ambao wangeamka wenyewe bila kuamshwa. Sasa piga hesabu yako. Mtu wa umri wako anayelala saa sita usiku, akiachwa bila kengele, huamka karibu saa mbili asubuhi. Maana yake ni kwamba saa kumi alfajiri joto lako bado linashuka, na deni lako la usingizi limelipwa nusu tu, kwa sababu umelala saa nne. Unakifungua kitabu cha Fizikia nguvu zote mbili zikikuvuta kitandani.

Juu ya hayo kuna mang'amung'amu ya usingizi. Mtu akiamshwa, hasa akiwa katikati ya usingizi mzito, ubongo wake hauwaki wote kwa mara moja. Huchukua dakika 15 hadi 30, na kwa mwenye deni kubwa huweza kufika saa nzima, kabla hajaweza kufikiri sawasawa. Kwa hiyo hata katika zile saa mbili unazohesabu kwamba umesoma, sehemu kubwa ya saa ya kwanza ilipita ukiwa umeketi tu mezani.

Wazee waliokuambia habari ya alfajiri hawakukudanganya. Huko vijijini kwetu, kuanzia Machame hadi Rombo, kibatari kilizimwa mapema, na mtu aliyelala saa mbili usiku akiamka saa kumi alfajiri amekwishatimiza saa nane kamili. Tena ilikuwa saa pekee ambayo nyumba yenye watoto tisa ilikuwa kimya. Wewe umeichukua nusu ya desturi ile: umechukua kuamka kwao ukaacha kulala kwao. Umri nao una neno lake. Saa ya mwili ya kijana husogea mbele tangu balehe, na kwa wengi hufika mwisho wa kusogea huko karibu na miaka 20, umri ulio nao sasa, ndipo ianze kurudi nyuma taratibu. Mama yako akiwa mchangamfu saa kumi na moja alfajiri nawe hujiwezi, nyote wawili mko sawa kwa umri wenu, na ninakusihi usiruhusu mtu akuite mvivu kwa ajili hiyo.

Nataka uione kwa karibu sura ya kosa la alfajiri, kwa sababu nimelisahihisha kwenye madaftari ya wanafunzi kwa miaka mingi na nimejifunza kulitambua. Chukua swali jepesi la mada ya vitu vinavyorushwa: mpira umerushwa kwa mwendokasi wa mita 20 kwa sekunde, pembe ya nyuzi 30 kutoka usawa wa ardhi, tafuta kimo cha juu kabisa utakachofika. Mwanafunzi aliyechoka huandika hivi:

```
u = 20 cos 30 = 17.32
h = (17.32)^2 / (2 x 9.8) = 15.3 m
```

Tazama vizuri. Kanuni ni sahihi, kipeo kimepigwa sawa, kugawanya kumekwenda sawa, na desimali ziko mahali pake. Kosa limo kwenye neno moja la mwanzo: kinachoupandisha mpira ni sehemu ya wima ya mwendokasi, kwa hiyo ilitakiwa iwe sin. Ukiweka 20 sin 30 unapata 10, na kimo kinakuwa mita 5.1 tu. Akili yenye usingizi bado inaweza kuzidisha na kugawanya, kwa kuwa hayo yamekwishakuwa mazoea ya mkono. Inachoshindwa ni kuushikilia mchoro wa mpira kichwani wakati mkono unaandika, na inashindwa vilevile kushtuka mwishoni kwamba mpira uliorushwa kwa mlalo kiasi hicho umeambiwa umepanda mita 15, yaani kimo cha ghorofa nne au tano. Ukifungua daftari lako la alfajiri na kukuta makosa ya namna hii, ambapo hesabu ni safi na uamuzi wa kwanza ndio mbovu, au mistari iliyonakiliwa na namba zilizobadilika njiani, basi tatizo ni saa. Ukikuta umekwama mahali palepale hata kwenye maswali uliyofanya saa nne asubuhi ukiwa umelala vya kutosha, hapo tatizo ni mada yenyewe, na dawa yake ni mwalimu wa kukueleza upya.

Sasa tuje kwenye kupima. Huwezi kutegemea jinsi unavyojisikia, na sababu yake ilionekana wazi katika utafiti wa Hans Van Dongen na wenzake uliochapishwa mwaka 2003. Watu waliopewa saa sita za kulala kwa usiku 14 mfululizo waliendelea kushuka siku hadi siku katika majaribio ya umakini, mpaka wakawa kama watu waliokesha kabisa, na hali wenyewe walipoulizwa walijiona wana usingizi kidogo tu. Wewe unalala saa nne. Mtu wa namna hiyo akiulizwa kama yuko sawa atajibu kwamba amezoea, na atakuwa anasema kweli kama anavyoiona.

Kwa hiyo anza kwa kulala saa nane kwa usiku tatu mfululizo kabla hujapima chochote, la sivyo utakuwa unapima deni badala ya kupima saa za siku. Kisha chukua kitabu cha hesabu za BAM na uchague mada uliyokwisha kuielewa vizuri, kwa mfano milinganyo sambamba, kwa maana tunataka kupima umakini na si maarifa mapya. Andika maswali 105 ya uzito unaolingana kwenye vikaratasi, matano matano, upate vikaratasi 21, uvichanganye kama karata. Kwa siku saba, mara tatu kwa siku, saa tatu asubuhi, saa saba na nusu mchana na saa moja jioni, vuta kikaratasi kimoja bila kuchagua, fanya kwa dakika 10 tu, halafu ukiweke. Usisahihishe mpaka wiki iishe, kwa kuwa ukiona alama zako utaanza kuzitafutia sababu. Siku ya kwanza usiihesabu. Ni ya kuzoea. Zitabaki siku sita, yaani maswali 30 kwa kila saa.

Tuseme mwisho wa wiki unakuta asubuhi umepata 26 kati ya 30, mchana 19 na jioni 24. Tofauti ya 26 na 24 ni ndogo mno kuijengea jambo. Asubuhi na jioni zihesabu kuwa ni sawa. Tofauti ya 26 na 19 ni kubwa, lakini hata hiyo iangalie siku kwa siku: kama mchana ulishindwa katika siku nne au tano kati ya sita, ni kawaida yako, kama kulikuwa na siku moja mbaya iliyoharibu jumla, huenda siku hiyo ulikuwa na njaa au mafua. Ikiwa matokeo yako yatapingana na niliyokuambia, fuata daftari. Wako watu wachache ambao hata wakiwa na miaka 20 huwa wepesi alfajiri, na wako ambao huchangamka usiku.

Ninatarajia, hata hivyo, kwamba mchana utakuwa chini. Watu hulaumu ugali, na ni kweli kwamba sahani kubwa huongeza uzito, lakini kushuka kwa mchana hutokea hata kwa mtu ambaye hajala. Kati ya saa saba na saa tisa au kumi, deni la usingizi limekwishalimbikizana tangu asubuhi, na saa ya mwili bado haijaanza kusukuma kwa nguvu kulipinga. Ikikaribia jioni, saa hiyo husukuma kwa nguvu zaidi, joto la mwili hupanda kuelekea kilele chake, na ndiyo maana kijana aliyekuwa akisinzia kaunta saa tisa unamkuta uwanjani saa kumi na mbili akikimbia kama si yeye. Kwa hiyo mama yako, bila kukusudia, amekupangia zamu ya duka mahali pake hasa. Hizo saa tatu za dukani haziibi kitu chochote cha thamani kubwa katika masomo yako, ukizijua matumizi yake.

Hapa ndipo linapokuja jambo ambalo ninalijali kuliko yote katika barua hii. Wanafunzi wengi wakisikia habari ya kupanga mambo magumu kwenye saa za nguvu, huandika Fizikia asubuhi na Biolojia mchana, kana kwamba somo zima ni gumu au jepesi. Ugumu uko kwenye kitendo. Katika Biolojia, kuchora moyo na kuandika majina ya sehemu zake ni kazi nyepesi, ilhali kufuatilia ugonjwa wa kurithi katika vizazi vitatu na kuamua nani anaubeba bila kuonyesha dalili ni kazi nzito. Katika Kemia ogania, kuandika kadi zenye kitendanishi upande mmoja na kazi yake upande wa pili ni kazi nyepesi. Kupewa ethini na kuambiwa uigeuze hatua kwa hatua mpaka iwe asidi ethanoiki ni kazi nzito. Hata Fizikia yenyewe ina kazi nyepesi tele: kuandika vizio vya kila kipimo, kuchora upya michoro ya saketi, kupanga jedwali la majaribio ya vitendo.

Kipimo ninachotumia mimi ni hiki. Kama unaweza kukatizwa na mteja anayetaka nusu kilo ya sukari, ukampimia, ukampa chenji yake, kisha ukarudi kwenye karatasi na kuendelea palepale bila kuanza upya, hiyo ni kazi nyepesi, na mahali pake ni dukani. Kama kukatizwa huko kunakulazimu kulisoma swali tena kutoka mwanzo, ni kazi nzito, kwa sababu ulikuwa umeshika mambo kadhaa kichwani kwa pamoja na yote yamemwagika. Kunakili notsi kunapita kipimo hicho kwa urahisi kabisa, na bado ndiko unakokufanya kuanzia asubuhi hadi saa sita. Ninajua kwa nini: ukurasa ulionakiliwa vizuri, wenye vichwa vya habari kwa wino mwekundu, unampa mtu raha ya kuona kazi imefanyika. Lakini ni kazi ambayo mkono unaweza kuifanya wakati wowote, na umeipa saa ambazo kichwa kingeweza kufanya kile ambacho hakiwezi kukifanya wakati mwingine.

Nilifanya kosa linalofanana na hilo nikiwa mwalimu kamili, hapa Arusha. Kuna muhula ambao mkondo mmoja ulikuwa na kipindi changu saa tatu asubuhi na mkondo wa pili saa nane mchana, na kwa wiki kadhaa niliwahukumu wa mchana kuwa ni wazembe, nikawa ninazidisha maelezo ubaoni, nao wakawa wanazidi kuinamisha vichwa. Nilipotulia na kutazama nilichokuwa nikikifanya, niliuhamishia mchana ule vitendo: kuhesabu mizunguko ya pendulamu, kupima unene wa waya kwa maikromita, kuchora grafu. Kuthibitisha kanuni nikakuweka kwenye kipindi chao kimoja cha asubuhi. Watoto walikuwa walewale. Bado ninasikitika kwa maneno niliyowaambia katika zile wiki za mwanzo.

Siku yako, basi, ningeipanga namna hii. Amka saa kumi na mbili asubuhi. Saa ya kwanza usiiguse kwa kusoma. Chota maji, fagia uwanja, na ufanye kazi hizo nje, kwa kuwa mwanga wa jua la asubuhi ndio unaoirekebisha saa ya mwili na kuirudisha nyuma kidogo kidogo. Kunywa chai. Saa mbili na robo keti kwenye kazi nzito ya kwanza, ambayo kwa sasa iwe maswali ya Fizikia, hadi saa tatu na dakika 45. Simama dakika 20, tembea, usishike simu. Kisha fanya kazi nzito ya pili ya somo jingine, labda Kemia, hadi saa tano na nusu. Hizo ni takriban saa tatu. Ni nyingi. Ukizifanya kweli utakuta umechoka, na uchovu huo ni tofauti na usingizi.

Baada ya hapo ndipo ufue. Najua kufua kwa sasa kunafanyika asubuhi, na hapo utahitaji ruhusa ya mama. Mweleze kwa adabu, wakati ametulia baada ya chakula cha usiku: "Mama, naomba nguo nizifue saa sita badala ya saa mbili, maana asubuhi ndipo maswali yananiingia, kazi zitafanyika zote kama kawaida." Mama wa dukani anajua kwamba saa za wateja na saa za kuhesabu mzigo hazifanani, kwa hiyo sidhani kama itakuwa vigumu kwake kukuelewa. Na ukipewa ruhusa, itunze. Nguo zikilala beseni siku mbili, ruhusa itaondoka nazo.

Saa saba kula chakula cha kiasi. Kabla ya kwenda dukani, jilaze dakika 20 kwa kengele ya simu. Usizidishe, maana ukifika nusu saa au saa nzima unaanza kuingia usingizi mzito na utaamka na yale mang'amung'amu niliyoyaeleza. Saa nane nenda dukani ukiwa na kadi na daftari la michoro, na hapo nakili chochote unachotaka kunakili. Ukirudi, pumzika, cheza mpira. Kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili kasoro robo usiku, kama daftari lako litaonyesha kwamba jioni yako ni nzuri, fanya kipindi cha tatu cha kazi nzito, kifupi kuliko vya asubuhi. Baada ya chakula cha usiku sahihisha ulichofanya asubuhi, na mwisho wa yote chagua swali la kesho, uache kitabu kimefunguliwa ukurasa huo mezani, ili saa mbili na robo isianze kuliwa na kutafuta pa kuanzia. Saa nne uwe kitandani.

Usingizi hautakuja saa nne siku ya kwanza, kwa kuwa saa ya mwili haihamishwi kwa amri. Ukiurudisha muda wa kulala nyuma kwa dakika 20 au 30 kila baada ya siku mbili, utafika baada ya kama wiki moja na nusu, na katika muda huo zile kahawa za jioni ziache kabisa. Kahawa yetu ni tamu na sikukatazi, ila nusu ya kiini kinachokuamsha hubaki mwilini kwa takriban saa tano, kwa baadhi ya watu zaidi ya hapo. Kikombe cha saa kumi na moja jioni kinakuwa bado nusu kikombe saa nne usiku. Kikombe chako cha mwisho kiwe kabla ya saa saba mchana.

Yapo mambo mawili yanayoweza kuuharibu mpango huu. Moja ni kelele. Kama jirani yenu ana mashine ya kusaga au fundi wa kuchomea vyuma anayeanza kazi saa mbili, saa yako ya nguvu itakuwa ya nguvu kwa jina tu. Hapo tafuta mahali pengine kwa hizo saa tatu, iwe maktaba, ukumbi wa kanisa au msikiti ulio wazi, au nyumbani kwa ndugu. Ikishindikana kabisa, ndipo urudi alfajiri, lakini kwa bei yake kamili: ulale saa mbili usiku kama wazee wa kibatari. La pili ni afya. Ukilala saa nane kwa wiki mbili mfululizo na bado unasinzia asubuhi kama ulivyokuwa, nenda hospitali upimwe damu, kwa kuwa upungufu wa damu na malaria isiyotibiwa vizuri huleta uchovu ambao hakuna ratiba inayouondoa.

Mwisho ni mtihani wenyewe. Karatasi za kidato cha sita nyingi huanza saa mbili asubuhi, lakini ziko zinazoanza saa nane mchana, yaani katikati kabisa ya saa ambazo umekuwa ukiziachia kadi na michoro. Ratiba ikitoka, zungushia alama kila karatasi ya mchana. Katika wiki tatu za mwisho mwombe mama akupe nafasi mara mbili kwa wiki, keti saa nane kamili na mtihani uliopita wa somo hilo, ufanye saa tatu bila kusimama. Siku hizo kula chakula chepesi saa sita na nusu, jilaze zile dakika 20, na kabla ya kuanza kuandika tembea nje kwenye mwanga dakika 10. Katika mazoezi hayo ya mchana jizoeze kuchora mchoro kabla ya kuandika kanuni yoyote, hata kama swali ni jepesi, kwa sababu mchoro ulio kwenye karatasi hauwezi kukuponyoka kichwani kama ule mpira wa nyuzi 30.